Koloni, nchi lindwa na udhamini: kuandika faharasa ya ukoloni kwa maneno yanayoeleweka

Fungua kurasa za mwisho za vitabu vya Historia vya sekondari, pale penye faharasa, utafute neno "koloni". Mara nyingi utakuta maelezo ya aina hii: nchi inayotawaliwa na nchi nyingine. Shuka hadi "nchi lindwa": nchi iliyo chini ya ulinzi na utawala wa nchi nyingine. Endelea hadi "nchi ya udhamini": nchi inayotawaliwa na nchi nyingine kwa niaba ya jumuiya ya mataifa. Mwanafunzi wa kidato cha pili pale Nyakato, Mwanza, atazikariri zote tatu usiku mmoja. Asubuhi ukimuuliza zinatofautianaje, atakujibu: "Mwalimu, si zote ni kutawaliwa tu?"

Swali lake ni zuri kuliko faharasa yenyewe. Maelezo yale matatu hayampi kitu cha kushika. Na mada ya ukoloni imejaa maneno ya namna hiyo, maneno yanayoonekana yamefafanuliwa kumbe yamebadilishiwa nguo tu. Ndiyo maana napendelea mwalimu aandike faharasa yake mwenyewe, fupi, na aiandike akiwa ameketi upande huu wa ziwa, kwa sababu Ziwa Victoria linatupa mfano ambao sehemu nyingine za Afrika hazina. Mwaka 1925 mtu aliyepanda chombo Mwanza, akapita Kisumu, akafika Entebbe na kurudi, alikuwa amekanyaga nchi tatu zenye mtawala mmoja, Mwingereza, lakini zenye hadhi tatu tofauti kisheria. Kenya ilikuwa koloni tangu 1920. Uganda ilikuwa nchi lindwa tangu 1894. Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wa Shirikisho la Mataifa tangu 1922. Kama faharasa yetu haiwezi kumweleza msafiri huyo nini kilibadilika alipotoka bandari moja kwenda nyingine, bado haijafanya kazi.

Kabla ya kuandika chochote, maneno yapangwe kwanza kwa mwenyewe. Nauliza kila neno: nani alilisema? Yapo maneno ya mtawala: ulinzi, udhamini, kustaarabisha, amani na utulivu. Yapo maneno ya waliotawaliwa, waliyoyazungumza sokoni na mashambani: boma, kipande, manamba, kodi ya kichwa. Na yapo maneno ya watu waliokuja baadaye kuchambua: ubeberu, ukoloni, utawala usio wa moja kwa moja. Vitabu huyachanganya yote kwenye safu moja kwa alfabeti, na matokeo yake mwanafunzi husoma "nchi lindwa" kana kwamba ni maelezo ya jambo lililotokea, wakati ni jina ambalo mtawala alijipa. Wajerumani nao makoloni yao yote waliyaita kwa lugha yao maeneo ya ulinzi, hata pale walipokuwa wakichoma mashamba na maghala ya chakula kusini mwa Tanganyika wakati wa vita vya Majimaji. Kwa hiyo chini ya kila neno naandika mstari mmoja mfupi: neno la nani. Mstari huo pekee hubadilisha namna darasa linavyosoma.

Hapo pia ndipo panapoamuliwa suala la "himaya". Neno hili lina matatizo yake, kwa kuwa watu hulitumia kwa maana mbili: ulinzi, na pia dola kubwa yenye nchi nyingi chini yake. Ukiandika "Uganda ilikuwa himaya ya Uingereza", mmoja ataelewa kwamba Uganda ililindwa, mwingine atadhani Uganda ndiyo dola. Sipotezi muda kubishana ipi ni sahihi. Natumia "dola" kwa ile kubwa, "nchi lindwa" kwa ile iliyowekwa chini ya ulinzi, na "himaya" naliacha lionekane tu ndani ya nukuu za zamani, kwa maelezo ya sentensi moja.

Sasa turudi kwenye yale maneno matatu. Yakiandikwa kwa kueleza "maana" hayatengani. Yanatengana ukiyauliza maswali yale yale matatu: kisheria ardhi ni ya nani? Nani anatunga sheria? Na mwananchi akidhulumiwa, malalamiko yake yanaishia wapi?

Tuanze na Kenya. Ardhi iliitwa ardhi ya Mfalme wa Uingereza. Mwaka 1921, mwaka mmoja tu baada ya nchi kuitwa koloni, Mahakama Kuu iliamua kwamba Waafrika waliokuwa wakiishi kwenye ardhi zao walikuwa wapangaji wa Mfalme, wapangaji ambao wangeweza kuondolewa wakati wowote. Sheria ilitungwa na gavana pamoja na baraza ambalo walowezi walikuwa na sauti kubwa ndani yake. Malalamiko yalikwenda Nairobi, kisha London, na London ndiyo mwisho wa njia.

Uganda, chukua Buganda kama mfano kwa sababu ndiko mkataba ulikoandikwa kwa kina. Mkataba wa mwaka 1900 uligawa ardhi kati ya Kabaka na familia yake, machifu na wakubwa wengine, na serikali ya Kiingereza. Mkulima wa kawaida hakutajwa kama mmiliki. Siku moja aliamka akajikuta mpangaji wa mkubwa mpya. Kabaka alibaki kwenye kiti chake, na baraza lake likabaki. Lakini neno la mwisho lilikuwa la gavana. Kabaka Mwanga aliposhika silaha mwaka 1897, alishindwa, akakimbilia upande wa Wajerumani, akavuliwa ufalme, na mwisho akapelekwa Shelisheli, ambako alifia mwaka 1903. Miaka hamsini na zaidi baadaye, mwaka 1953, Gavana Cohen alimfukuza Kabaka Mutesa wa Pili akampeleka Uingereza kwa sababu alikataa kukubaliana na sera za serikali. Alirudi mwaka 1955. Mifano hii miwili naiweka ndani ya ufafanuzi wenyewe, kwa kuwa mtoto akishajua kwamba mlinzi anaweza kumhamisha anayelindwa, amelielewa neno.

Tanganyika ndiyo yenye tofauti ya kweli, na tofauti hiyo iko kwenye swali la tatu. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Uingereza haikupewa Tanganyika iwe mali yake. Ilikabidhiwa kuisimamia, na kila mwaka ilipaswa kupeleka taarifa Geneva kwenye tume ya Shirikisho la Mataifa. Sheria ya ardhi ya mwaka 1923 ilisema ardhi yote ni ya umma, iko chini ya gavana, kwa manufaa ya wenyeji. Mwaka 1946 udhamini ukahamia Umoja wa Mataifa, na huko mlango wa malalamiko ukawa mpana zaidi: wajumbe walikuja kukagua nchi, na wananchi waliruhusiwa kupeleka maombi yao. Wameru walipoondolewa kwa nguvu kwenye ardhi yao mwaka 1951, walimtuma Kirilo Japhet, naye mwaka 1952 akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa, New York, kueleza. Hakurudishiwa ardhi kwa safari ile. Lakini mtu wa Kenya aliyenyang'anywa shamba lake mwaka huohuo hakuwa na ukumbi wa namna hiyo wa kuingia.

Na swali la pili, nani anatunga sheria? Hapo ndipo napenda darasa ligundue lenyewe. Ukichora jedwali ubaoni lenye nchi tatu na maswali matatu, safu ya pili inajaa jibu moja: gavana aliyeteuliwa na London. Kisumu, Entebbe, Dar es Salaam, kote vilevile. Mwanafunzi aliyesema "zote ni kutawaliwa" sasa anaweza kuonyesha ni wapi alikuwa sahihi na ni wapi kulikuwa na tofauti. Hiyo ndiyo kazi ya faharasa.

Baada ya jedwali, maandishi yenyewe huwa mafupi. Hivi ndivyo ninavyoandika neno moja likikamilika:

> Nchi lindwa. Nchi ambayo dola kubwa ilisema inailinda. Watawala wa kienyeji waliachwa kwenye viti vyao, lakini mambo ya nje, jeshi na neno la mwisho vilishikwa na dola.
> *Neno la nani:* la mtawala.
> *Mfano wa ziwani:* Uganda, kuanzia 1894. Kabaka alibaki Mengo, lakini mwaka 1953 gavana alimfukuza nchini.
> *Angalizo:* "Kulindwa" hakukumaanisha kuachiwa ardhi. Kenya nayo ilikuwa nchi lindwa kuanzia 1895 hadi 1920, na ardhi ya nyanda za juu ilianza kugawiwa walowezi katika miaka hiyohiyo.

Angalizo ndilo linalochukua muda mrefu kuandika, na ndilo linalomsaidia zaidi msomaji. Bila hilo, mwanafunzi atajenga ngazi kichwani mwake: koloni ni mbaya sana, nchi lindwa afadhali, udhamini nafuu. Ngazi hiyo inavutia na inaingia kwa urahisi kwenye karatasi ya mtihani, lakini haisimami. Ardhi ya Wakikuyu haikusubiri neno "koloni" ili ichukuliwe.

Kuna maneno mawili mengine ambayo lazima yaandikwe pamoja, maana ukiyaandika mbalimbali yanazunguka: ubeberu na ukoloni. Angalia mzunguko huu, unaopatikana sana: "Ukoloni ni hali ya nchi kuwa koloni. Koloni ni nchi iliyo chini ya ukoloni." Msomaji anatoka alipoingia. Kanuni yangu ni kwamba neno lolote ndani ya ufafanuzi liwe jepesi kuliko neno linalofafanuliwa, na lisiwe mtoto wa neno lilelile.

Usukuma unatusaidia kuyatenganisha. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana mstari: uanzie mdomo wa mto Umba pale pwani, upite Ziwa Jipe, uzunguke Kilimanjaro kwa kaskazini, ufike ufuko wa mashariki wa Ziwa Victoria mahali panapokutana na nyuzi 1 kusini ya ikweta. Mwaka 1890, kwa mkataba mwingine, mstari ukapitishwa juu ya maji kwenye nyuzi hiyohiyo hadi ng'ambo ya magharibi. Mpaka wetu wa ziwani mpaka leo ni huo. Mwaka 1886 upande wetu wa ziwa haukuwa na boma la Mjerumani hata moja. Hakuna mtemi wa Usukuma aliyeulizwa. Watu waliendelea kulima, kuvua na kufanya biashara na misafara, wakati huko Ulaya nchi yao imeshahesabiwa kuwa eneo la ushawishi la Ujerumani. Kituo cha Bukoba kilianzishwa na Emin Pasha mwaka 1890, na cha Mwanza kikafuata muda mfupi baadaye. Serikali ya Ujerumani yenyewe ilichukua utawala kutoka kwa kampuni ya Karl Peters na wenzake tarehe 1 Januari 1891, baada ya kampuni kushindwa kuzima upinzani wa pwani ulioongozwa na Abushiri.

Kwa hiyo naandika: ubeberu ni dola kutanua nguvu zake juu ya nchi za wengine, iwe kwa mkataba, kwa biashara, kwa kampuni au kwa vita, hata kabla ya kuweka mtawala huko. Ukoloni ni utawala wenyewe unapofika: boma, kodi, mahakama, askari. Usukuma uliguswa na ubeberu mwaka 1886. Ukoloni uliingia boma liliposimama. Mwanafunzi akiweza kuitaja miaka ile ya katikati, wakati nchi ina wenyewe wawili, mmoja kwenye karatasi na mwingine kwenye ardhi, hatayachanganya tena.

Mkutano wa Berlin nao unahitaji angalizo lake, maana nchi nzima inaamini kwamba pale mezani ndipo Afrika ilipokatwa vipande. Mkutano ulifanyika kuanzia Novemba 1884 hadi Februari 1885, Bismarck akiwa mwenyeji na mwenyekiti. (Jina lake liko palepale kwenye mawe yaliyosimama majini karibu na kivuko cha Kamanga, na watoto wengi wa Mwanza wamepigia picha hapo bila kuunganisha mambo hayo mawili. Nawapeleka.) Mkutano uliweka kanuni: biashara huru katika bonde la Kongo, na kwamba anayedai kipande kipya cha pwani awataarifu wenzake na aonekane yupo kweli. Mistari yenyewe ilichorwa kabla na baada, kwa mikataba ya nchi mbilimbili kama ile ya 1886 na 1890. Ufafanuzi unaosema "mkutano uliogawa Afrika" utaokoa maneno, lakini utamfanya mtoto ashindwe kueleza kwa nini mpaka wake mwenyewe una tarehe tofauti.

Neno lililonichukua nafasi kubwa kuliko yote ni utawala usio wa moja kwa moja. Ufafanuzi wa kawaida ni huu: mfumo wa kutawala kupitia watawala wa jadi. Si uongo. Lakini mjukuu wa Msukuma akisikia "watawala wa jadi" anamwona mtemi kama alivyosimuliwa na babu yake, na anatoka na wazo kwamba Mwingereza aliacha mambo yalivyokuwa. Lazima ufafanuzi uvunje wazo hilo, na njia ni kuuliza swali moja tu: nani angeweza kumwondoa mtemi?

Kabla ya ukoloni, mtemi hakujiweka. Walikuwapo wazee wa jadi, banang'oma, waliokuwa na kauli katika kumchagua, na mtemi akiharibu waliweza kumwondoa. Alitegemewa kwa mvua, kwa mavuno, kwa usuluhishi. Njaa ikizidi, kiti chake kilitikisika. Chini yake walikuwapo banang'wa, wakuu wa vijiji. Mwaka 1925 Sir Donald Cameron aliletwa kuwa gavana wa Tanganyika, akitokea Nigeria, na mwaka 1926 ikaja sheria ya mamlaka za wenyeji. Kuanzia hapo mtemi alitambuliwa na serikali, alilipwa mshahara kutoka hazina ya kienyeji, alisimamia mahakama, alikusanya kodi, na aliweza kutoa amri ambazo asiyezitii alitozwa faini au kufungwa. Bwana shauri, yaani ofisa wa serikali wa wilaya, alikuwa nyuma yake. Na serikali ndiyo iliyoweza kumwondoa. Jina ni lilelile, kiti kilekile, lakini mwenye kumwajibisha amebadilika: zamani aliwatazama walio chini yake, sasa anatazama bomani.

Matokeo yake yalionekana wazi baada ya Vita Kuu ya Pili. Kuanzia mwaka 1947 serikali iliendesha mpango mkubwa wa maendeleo ya Usukuma, wenye amri za kulima kwa matuta na kupunguza mifugo. Baadhi ya amri zilikuwa na sababu za kitaalamu, kwa kuwa udongo ulikuwa umechoka na ng'ombe walikuwa wengi. Lakini zilifika kijijini kwa mdomo wa mtemi na mnang'wa, zikiwa na faini, na hasira ziliwaangukia hao. Geita mwaka 1958 watu walipinga baraza jipya la wilaya lenye wajumbe wa rangi zote, ambalo serikali na watemi waliliunga mkono, wakaja hadi Mwanza mjini kudai wasikilizwe. Mwaka 1963, serikali ya Tanganyika huru ilipofuta mamlaka ya machifu, ilikuta viti ambavyo vilikuwa vimeshapoteza heshima kwa watu wengi. Mwanafunzi asiyeelewa ile sheria ya 1926 hawezi kuelewa kwa nini watemi hawakulilia viti vyao kwa nguvu zaidi.

Ufafanuzi wangu basi unasomeka hivi: serikali ya kigeni inaamua, kiongozi wa kienyeji anatekeleza, anatambuliwa na serikali, analipwa kupitia mfumo wa serikali, na serikali inaweza kumwondoa. Neno la nani: la maofisa wenyewe, kisha la wanahistoria. Angalizo lake ni refu kidogo, kwa sababu mtihani hupenda kusema Wajerumani walitawala moja kwa moja na Waingereza si moja kwa moja. Kwa pwani na sehemu za kusini, walikotumia maakida, yaani maofisa waliowekwa na serikali, msemo huo una nguvu. Kwa ukanda wa ziwa haushiki vizuri. Wajerumani nao waliwatumia watemi Usukuma, na Bukoba, kuanzia mwaka 1906, waliitawala kwa mfumo wa mwakilishi mkazi aliyewaacha wafalme wa Wahaya kwenye viti vyao, kama walivyofanya Rwanda na Urundi. Kwa hiyo naandika: "Usigawe kwa taifa la mtawala. Tazama wilaya."

Maneno ya kodi na kazi ni mepesi zaidi, kwa sababu wazee wetu walishayafafanua kwa maisha yao. Kinachohitajika ni kuyafunga kwa mnyororo, si kuyaweka mbalimbali. Mwaka 1898 Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba, kwa kawaida rupia 3 kwa nyumba ya shamba. Rupia haichimbwi shambani. Aliyekuwa na mtama na ng'ombe tu ilimbidi auze kitu kwa sarafu, au alime pamba, au ajiuze mwenyewe kwa mwezi wa kazi. Kipande kilikuwa kadi iliyowekwa alama kwa kila siku ya kazi hadi zitimie 30, ndipo mshahara utoke. Manamba walikuwa vibarua wa mkataba waliosafirishwa hadi mashamba ya mkonge, baadhi yao wakitoka Usukuma na Unyamwezi kwenda Tanga. Kila neno lina mstari unaolielekeza neno linalofuata: kodi, tazama kipande, kipande, tazama manamba. Darasani inatosha dakika chache.

Kujua kama faharasa imekaa sawa, nafanya majaribio mawili. La kwanza ni kubadilisha. Chukua sentensi halisi kutoka kitabuni, toa neno gumu, weka ufafanuzi wako mahali pake, isome kwa sauti. "Mwaka 1894 Uganda ilitangazwa kuwa nchi ambayo dola kubwa ilisema inailinda." Inatembea. Jaribu kufanya hivyo kwa ufafanuzi wa kawaida wa ubeberu kama "hatua ya juu ya ubepari" na sentensi inaanguka. Maneno hayo ni nadharia inayotaka kujadiliwa kwa sura nzima, haiwezi kusimama kama maana ya neno. Naiweka kwenye somo, siiweki kwenye faharasa.

La pili ni kadi. Nakata karatasi, kila moja ina tukio moja bila jina la mfumo: Kabaka anafukuzwa na gavana, mjumbe wa Wameru anazungumza New York, mahakama inasema mkulima ni mpangaji wa Mfalme, mstari unachorwa na hakuna boma, mtemi analipwa mshahara. Wanafunzi wanazigawa chini ya maneno, wawili wawili, kitabu kimefungwa. Sitazami sana waliopatia. Natazama kadi ambayo makundi mengi wameiweka mahali pasipo pake, kwa kuwa hapo si mtoto mmoja aliyekosa, ni ufafanuzi ulioyumba. Kadi inayosumbua mara kwa mara ni ya Wameru: wanaipeleka kwenye "koloni" kwa sababu watu walinyang'anywa ardhi. Hoja yao ina msingi. Dawa ilikuwa kuandika ndani ya neno "udhamini" kwamba unyang'anyi ulikuwepo, na kwamba tofauti ilikuwa mlango wa kulalamikia.

Mpangilio wa kurasa nao si wa alfabeti. Naanza na eneo la ushawishi, mkataba, ubeberu, kisha kampuni, nchi lindwa, koloni, ukoloni, kodi, kipande, manamba, halafu udhamini, utawala usio wa moja kwa moja, na uhuru mwisho. Ukurasa wa nyuma una orodha ya alfabeti yenye namba tu, kwa anayetafuta haraka. Maneno kumi na tatu yanatosha mada nzima; ukizidisha, kadi hazitoshi mezani na vichwa vinachoka.

Kwenye neno la mwisho, uhuru, tarehe za ziwa huleta swali ambalo kila darasa huliuliza. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, Uganda tarehe 9 Oktoba 1962, Kenya tarehe 12 Desemba 1963. Udhamini kwanza, nchi lindwa ya pili, koloni ya mwisho. Binti mmoja wa kidato cha tatu alisimama akasema, "Madam, si ndiyo hivyo? Jina ndilo lililoamua." Inaonekana hivyo ukikaa ufukoni mwetu peke yake, na kuna ukweli ndani yake: makubaliano ya udhamini yalimfunga Mwingereza kuandaa nchi ijitawale, na Nyerere alipokwenda Umoja wa Mataifa Machi 1955 aliutumia mlango huo vizuri. Lakini Tanganyika ilikuwa pia na walowezi wachache kuliko Kenya, na TANU ilishika nchi nzima wakati Buganda ikivutana na sehemu nyingine za Uganda. Na ukitoka nje ya ziwa, mpangilio unavunjika: sehemu kubwa ya Ghana, iliyokuwa ikiitwa Pwani ya Dhahabu, ilikuwa koloni la Mwingereza, nayo ilikuwa huru tarehe 6 Machi 1957, miaka minne na zaidi kabla yetu. Hilo ndilo angalizo lililo chini ya neno la kumi na tatu.